Umeme tuli wakati wa kujaza mafuta ya ndege: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa abiria wanaotazama kupitia dirisha la ukumbi wa kusubiri pale Mtwara, kwa vijana wanaoanza kazi ya kujaza mafuta, na kwa marubani wa ndege ndogo wanaotua Lindi na Kilwa na wakati mwingine hujaza kutoka kwenye pipa. Nimeyapanga kuanzia ya msingi. Kama tayari unafanya kazi hii, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya tatu.

## Ya msingi

Umeme unatoka wapi, na hakuna kitu kilichochomekwa popote?

Unatoka kwenye mafuta yenyewe yanapotembea. Mafuta ya ndege aina ya Jet A-1 hupitisha umeme kwa shida sana. Yanapopita kwenye bomba, chaji za aina moja hung'ang'ania ukutani na za aina ya pili huchukuliwa na mafuta yanayoendelea na safari. Yakifika kwenye filta ya boza jambo hilo huongezeka maradufu na zaidi, kwa sababu filta imejaa nyuzi nyembamba mno na mafuta yanalazimika kujipenyeza katikati yake. Kugusana ni kwingi, na kutengana kwa chaji ni kwingi.

Matokeo yake ni kwamba boza linabaki na chaji za aina moja, na ndege inapokea za aina ya pili kupitia tangi lake. Hakuna mtu aliyewasha chochote. Kadiri pampu inavyosukuma, ndivyo tofauti ya volti kati ya vyombo viwili inavyotaka kupanda. Huu ndio unaoitwa umeme tuli, ingawa hapa chanzo chake ni mwendo.

Ule waya unaovutwa kutoka kwenye boza na kubanwa kwenye mguu wa ndege unafanya nini?

Unaviunganisha vyombo viwili viwe kama chuma kimoja. Chaji zilizobaki kwenye boza na zile zilizoingia kwenye ndege hukutana kupitia waya huo na kufutana. Boza na ndege vikiwa na volti moja, hakuna sababu ya cheche kuruka kati yao. Kazini tunauita waya wa bondi.

Kwa nini ufungwe kwanza, kabla hata ya kushusha mpira?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na vijana wengi hufuata utaratibu bila kuambiwa sababu yake.

Ndege imetoka angani. Imesuguana na vumbi, mawingu na matone ya mvua, na huenda bado imebaki na chaji hata baada ya kutua. Boza nalo limetembea kwa matairi yake na lina hali yake. Vyuma viwili vyenye volti tofauti vikikaribiana kwa mara ya kwanza, cheche inaweza kuruka kabla havijagusana. Huwezi kuiona kila wakati, na mara nyingi haipo, lakini lazima ufanye kazi kama vile ipo.

Ikiwa mguso wa kwanza ni wa nozeli kwenye mdomo wa tangi, cheche itaruka mahali penye mvuke wa mafuta. Ikiwa mguso wa kwanza ni wa kibanio kwenye mguu wa ndege, vifuniko vyote vikiwa bado vimefungwa, cheche ileile itaruka kwenye hewa tupu na kuishia hapo. Kwa hiyo kufunga waya kwanza ni kuichagulia cheche mahali pa kutokea. Baada ya hapo waya unaendelea na kazi yake ya pili, ya kuzuia volti zisipande tena wakati mafuta yanapita.

Kwa sababu hiyohiyo waya huo ndio wa mwisho kutolewa. Ukiutoa wakati kifuniko cha tangi bado kiko wazi, umerudisha vyombo viwili kwenye hali ya kutofautiana, na mguso utakaofuata utakuwa tena karibu na mvuke.

Waya mwembamba kama ule unatosha kweli?

Unatosha, na hesabu ndogo inaonyesha kwa nini. Tuchukue mfano. Boza linasukuma lita 200 kwa dakika, na mafuta yanatoka kwenye filta yakiwa na mikrokulombi 30 za chaji katika kila mita moja ya ujazo. Huo ni mkondo wa mikroampia 0.1, yaani sehemu moja ya milioni kumi ya ampia. Ni kidogo mno, hata taa ndogo kabisa haiwezi kuwaka.

Sasa tuseme waya haujafungwa na boza limesimama kwenye matairi makavu bila njia yoyote ya kupoteza chaji. Kwa boza lenye uwezo wa kuhifadhi chaji wa pikofaradi 1,000, volti zitapanda kwa 100 kila sekunde. Baada ya sekunde 100 umefika volti 10,000, na nishati iliyojilimbikiza ni milijuli 50. Mvuke wa mafuta uliochanganyika vizuri na hewa huhitaji takriban milijuli 0.25 tu kuwaka. Una mara 200 ya kinachohitajika, na bado hujafika hata dakika mbili za kujaza. Kwa kweli matairi huvujisha chaji kiasi, kwa hiyo hali hii ndiyo mbaya kuliko zote, lakini huwezi kujua kwa macho siku ipi matairi yanavujisha na ipi hayavujishi.

Funga waya sasa, na tuuchukulie kuwa mbovu kiasi kwamba una ukinzani wa ohm milioni moja. Mkondo ule ule wa mikroampia 0.1 utaleta tofauti ya volti 0.1 tu. Waya wenye ukinzani wa ohm chache tu ni zaidi ya kutosha. Tunadai ohm ziwe chache kwa sababu nyingine: waya mzima wa chuma unapoonyesha ohm nyingi, kuna kitu kimeoza au kimekatika ndani yake, na kesho huenda usipitishe kabisa.

Kwa nini hamuufungi ardhini? Zamani tuliona vyuma vya kufungia ethi kwenye sakafu.

Zamani ilikuwa kawaida, na bado kuna viwanja na makampuni yanayodai hivyo. Ukikuta sheria ya mahali inadai, ifuate. Lakini kanuni zinazotumika sana duniani leo, zikiwemo za JIG na NFPA 407, zinasisitiza boza kuunganishwa na ndege na hazitegemei ethi kwa ajili ya umeme tuli.

Sababu iko kwenye jibu lililotangulia: hatari ni tofauti ya volti kati ya boza na ndege. Ukivifunga vyote ardhini kwa waya mbili tofauti lakini usiviunganishe, usalama wako unategemea waya mbili, vyuma viwili vya sakafuni na udongo uliopo katikati. Ukiviunganisha moja kwa moja unategemea waya mmoja unaouona kwa macho. Tena ethi ina tatizo lake: kama kuna hitilafu kwenye mashine ya umeme inayoihudumia ndege, waya wa ethi unaweza kuwa njia ya mkondo mkubwa, na mkondo wa namna hiyo hutoa cheche ya kuogopwa kuliko ya umeme tuli.

## Utaratibu wenyewe

Hatua zinafuatanaje kwa ndege inayojazwa juu ya bawa, kama Cessna Caravan?

Boza linasimama mahali ambapo linaweza kuondoka mbele moja kwa moja bila kurudi nyuma. Breki zinafungwa. Mjazaji anavuta waya wa bondi kutoka kwenye rili na kuubana kwenye ndege. Mpaka hapo mpira haujaguswa, ngazi haijaegeshwa, kifuniko hakijafunguliwa.

Kisha anapanda na nozeli. Nozeli ina waya wake mfupi wenye plagi au kibanio. Huo nao unaunganishwa na ndege kabla ya kufungua kifuniko, kwenye tundu lake lililo karibu na mdomo wa tangi. Kama ndege haina tundu, anagusisha nozeli kwenye kifuniko cha chuma kikiwa bado kimefungwa. Watu huuliza kwa nini waya wa pili wakati wa kwanza upo. Ni kwa sababu nozeli iko mwisho wa mpira mrefu, na mpira hautegemewi kuwa ndiyo njia ya umeme, hata ule uliotengenezwa upitishe chaji kidogo.

Baada ya hapo kifuniko kinafunguliwa, nozeli inaingia, na chuma chake kinabaki kimegusa mdomo wa tangi muda wote. Hapo ndipo watu huchoka mkono na kuanza kuinyanyua nozeli ili waone kiwango. Usiinyanyue mafuta yakiwa yanatiririka. Ukimaliza, rudi nyuma kwa mpangilio uleule: nozeli inatoka, kifuniko kinafungwa, waya wa nozeli unachomolewa, mpira unakunjwa, na mwisho kabisa unakwenda kwenye mguu wa ndege kutoa kibanio cha boza.

Na ndege kubwa zaidi zinazojazwa chini ya bawa?

Waya wa boza ni lazima vilevile na ni wa kwanza vilevile. Tofauti iko kwenye nozeli: kwenye ndege kama Q400 inafungwa kwa kuzungushwa mpaka inakaza, chuma kwa chuma, kwa hiyo mguso huo wenyewe ndio bondi na hauhitaji waya mfupi wa ziada.

Kibanio kinabanwa sehemu gani ya ndege?

Kwenye sehemu iliyowekewa alama na mtengenezaji, au kwenye chuma kitupu kisicho na rangi, mara nyingi mguuni. Usibane kwenye antena, kwenye mrija wa kupima mwendo, kwenye panga la propela wala kwenye bomba la breki. Hivyo ni vitu vinavyoharibika, na vingine vinapaswa kuzunguka au kusogea.

Rangi ndiyo inayodanganya watu wengi. Nikiwa bado mgeni kazini, kwenye kituo ambacho sitakitaja, nilibana kibanio kwenye mguu uliopakwa rangi nyeupe ya kung'aa. Kilishika vizuri, hata ukikitikisa hakichezi. Fundi mmoja mtu mzima akapita, akasimama, akaniambia, "Dogo, hapo umebana rangi." Akachukua mita yake, ncha moja kwenye kibanio, nyingine kwenye skrubu tupu ya mguu uleule. Kioo kikaandika OL, yaani hakuna njia kabisa. Akanishika mkono, tukakisogeza kibanio kama kiganja kimoja chini, kwenye kijiti cha chuma kilichong'aa kwa kusuguliwa na vibanio vya wenzetu. Mita ikashuka hadi chini ya ohm moja. Kwa macho, mahali pale pawili palionekana sawa tu.

Nitajuaje kama waya wa boza langu ni mzima?

Kwa mita ya ohm, si kwa kuutazama. Weka ncha moja kwenye meno ya kibanio na nyingine kwenye chuma kitupu cha fremu ya boza, na uvute waya wote kutoka kwenye rili huku unaangalia namba. Kipimo hiki hufanywa kila wiki, na kikomo kinachotumika sana ni ohm 25. Waya mzima husoma chini zaidi ya hapo. Namba ikirukaruka unapouzungusha waya mkononi, nyuzi zimekatika ndani ya ganda, na kwa kawaida mkato uko karibu na kibanio, pale panapokunjwa kila siku.

Huku kwetu kuna jambo jingine: chumvi ya bahari. Kiwanja cha Mtwara hakiko mbali na bahari, na shaba iliyo wazi hugeuka kijani mapema. Meno ya kibanio na sehemu ya ndani ya rili inayozunguka ndizo huanza. Nimewahi kufungua rili ambayo waya wake ulikuwa kama mpya kwa nje, lakini mguso wa ndani ulikuwa umefunikwa na unga wa kijani. Kusafisha kwa brashi ya waya kulichukua dakika kumi, na ohm zikarudi mahali pake.

## Yanayobishaniwa

Pwani kuna unyevu mwingi. Je, umeme tuli si tatizo la bara tu?

Nusu yake ni kweli. Ukiwa Makambako mwezi wa saba ukavua sweta gizani, unaona vimulimuli. Hapa Mtwara huvioni, kwa sababu hewa yenye unyevu huacha utando mwembamba wa maji juu ya ngozi, nguo na matairi, na chaji hupotea kupitia humo. Kwa hiyo unyevu hutusaidia kwa vitu vya nje.

Lakini chaji ninayoizungumzia huzaliwa ndani ya filta na bomba, na humo hewa ya pwani haifiki. Mafuta yanayopita kwenye filta siku ya mvua hutengana chaji kama siku ya jua kali la Januari. Anayeacha waya kwa sababu ya unyevu ametazama nguo yake na kusahau mafuta.

Jet A-1 si kama petroli. Mbona mnaiogopa hivyo?

Ni kweli si kama petroli. Kiwango chake cha chini cha joto la kutoa mvuke wa kuwaka ni nyuzi 38 za Selsiasi, ambapo Avgas, petroli ya ndege ndogo za pistoni, hutoa mvuke huo hata kwenye baridi ya kugandisha maji. Lakini nyuzi 38 si mbali kwetu. Boza lililoegeshwa juani wakati wa kaskazi, au bawa lililopigwa na jua tangu asubuhi, huweza kufika hapo au kukaribia sana. Zaidi ya hayo, mafuta yanaporushwa na kuwa ukungu wa matone madogo au povu, yanaweza kuwaka hata yakiwa chini ya kiwango hicho. Ndiyo sababu hatuyamwagi kutoka juu kama maji.

Kuwa mwangalifu zaidi na chombo kilichokuwa na petroli kisha kikatiwa Jet A-1. Mvuke wa petroli umebaki ndani, na juu yake unaingiza mafuta yanayobeba chaji. Mambo mawili mabaya yamekutana mahali pamoja.

Waya umefungwa vizuri. Je, hatari imekwisha?

Hapana. Waya husawazisha vyuma. Hauwezi kuingia ndani ya tangi kuchukua chaji iliyoko katikati ya mafuta. Chaji hiyo husafiri yenyewe hadi ukutani, kwa kasi inayotegemea mafuta yanapitisha umeme kiasi gani.

Upitishaji huo hupimwa kwa pikosimensi kwa mita. Kuna dawa maalumu inayotiwa kwenye mafuta, maarufu ikiwa Stadis 450, ili Jet A-1 inayofika kwenye ndege iwe kati ya 50 na 600. Ukigawa 18 kwa namba hiyo unapata sekunde zinazohitajika ili chaji ishuke hadi kubaki zaidi kidogo ya theluthi. Kwa mafuta ya 50 ni chini ya nusu sekunde. Kwa mafuta yasiyo na dawa yanayosoma 1, ni sekunde 18, na hapo uso wa mafuta ndani ya tangi unaweza kubaki na volti nyingi huku waya wako umefungwa barabara.

Ndiyo maana mafuta yasiyo na dawa hujazwa polepole, na ndiyo maana huruhusiwi kutumbukiza kijiti cha chuma cha kupimia mara tu pampu inapozimwa. Subiri dakika kadhaa. Kijiti kinachokaribia uso wenye chaji ni mahali pazuri sana pa cheche, na kiko ndani ya mvuke.

## Hali zisizo za kawaida

Tunajaza kutoka kwenye pipa kwa pampu ya mkono. Tufanye nini?

Kanuni ni zilezile, isipokuwa sasa vipande ni vingi na kila kimoja kinahitaji kuunganishwa: pipa na ndege, pampu na pipa, nozeli na ndege. Anza na pipa na ndege, kibanio kikiuma chuma kwenye ukingo wa pipa, si rangi yake. Kwangua kidogo ukiona shaka. Pipa likiwa juu ya mbao au tairi kuukuu halina njia nyingine yoyote ya kupoteza chaji, kwa hiyo huo waya ndio kila kitu.

Kama mnatumia faneli yenye kichujio, iwe ya chuma, iguse mdomo wa tangi, na nozeli iguse faneli. Faneli ya plastiki, ndoo ya plastiki na dumu havifai kabisa. Plastiki ikipata chaji haiwezi kuiachia hata ukiifunga waya kumi, kwa sababu waya huchukua chaji ya pale ulipogusa tu.

Kibanio kimeanguka katikati ya kujaza. Nikirudishe haraka?

Usikirudishe haraka. Acha kusukuma mafuta kwanza, na usiichomoe nozeli, kwa sababu kuitenga na mdomo wa tangi ndiko kunakoweza kuzaa cheche kwenye mvuke. Iache imegusa. Subiri dakika chache chaji zipungue, kisha bana tena mguuni, mbali na tangi. Halafu tafuta kwa nini kilianguka: springi imechoka, au mtu amekwaza waya. Rubani aambiwe.

Simu ya mkononi inaweza kulipua?

Sheria inakataza kuitumia kwenye eneo la kujazia na lazima ifuatwe, lakini ni suala tofauti na umeme tuli. Chanzo cha umeme tuli kimeelezwa kwenye jibu la kwanza, nacho kipo hata kama kila simu imezimwa.

Radi ikianza kunguruma?

Kazi inasimama, vifuniko vinafungwa, watu wanaondoka. Waya wa bondi haukutengenezwa kwa ajili ya radi na hauwezi kukukinga nayo. Hata hivyo, mpangilio wa kufungua haubadiliki kwa sababu ya haraka: nozeli, kifuniko, waya wa nozeli, na kibanio cha mguuni mwisho.